Kabla ya Nakala Elfu Tatu

Violeth Mageni si mtu wa kufanya naye kazi kwa raha, na nasema hivi huku nikimheshimu kuliko watu wote niliowahi kugawana nao chumba. Mwaka wa tisa sasa tuko pamoja hapa Kahama, katika kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya soko. Yeye yuko kwenye kompyuta, ukutani kabisa, na mimi Kalisti niko kwenye mashine, karibu na mlango. Katikati yetu kuna meza ya kukatia karatasi, na juu ya meza hiyo tumegombana zaidi ya mara moja kwa wiki, tukihesabu vizuri.

Tulichogombania siku zote ni kitu kimoja. Violeth hakubali kazi yoyote ya rangi iingie kwenye mashine kwa wingi kabla hajaionja. Hilo ndilo neno lake, kuonja, kama mpishi anavyochota mchuzi kidogo kwenye kiganja kabla ya kupakua. Kwanza anaionja kwenye kioo cha kompyuta, kisha anaionja kwenye karatasi: kipande kidogo tu, upana wa vidole vinne, chenye ile sehemu ya picha anayoitilia shaka. Kipande kikitoka anakibana kwa kibanio cha nguo, anatoka nacho nje, anapita chini ya turubai letu la bluu hadi penye kivuli cha ukuta, anasimama pale anakitazama. Chini ya turubai hasimami, kwa sababu turubai linamwaga ubluu wake juu ya kila kitu. Chini ya taa ya ndani hasimami pia, kwa sababu taa ile ni ya manjano. Hata nguo anachagua. Kazini anavaa koti la kijivu, na siku moja mteja aliyekuja na kitenge chekundu cha kung'aa aliombwa kwa adabu zote asogee hatua mbili kutoka kwenye kioo.

Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia, nikimwita kwa jina la mwanawe, "Mama Sikujua, watu wanataka kalenda, wewe unawapikia pilau ya harusi." Yeye hajibu utani akiwa anatazama rangi. Anajibu baadaye, wakati mwenyewe umeshasahau.

Alikotoka ndiko kulikomfanya awe hivyo. Ujana wake aliumalizia Mwakitolyo, kwenye machimbo, ndani ya kibanda cha mbao alichokigeuza studio. Alikuwa anawapiga wachimbaji picha ndogo za vitambulisho. Wanaingia na vumbi kichwani, wananawa uso kwenye ndoo, wanakaa kwenye stuli, wanapigwa, wanarudi shimoni. Kisha shimo linatitia. Baada ya siku mbili tatu anakuja mama au mke kutoka kijijini, ameshika ile picha ndogo, anaomba ikuzwe iwekwe mbele ya jeneza. Violeth aliniambia kwamba mke mmoja aliipokea picha iliyokuzwa, akaitazama muda mrefu, akamrudishia akisema, "Dada, huyu mmenichanganyia. Mume wangu hakuwa hivi." Kumbe alikuwa ndiye. Ila mashine ilikuwa imemfanya mwekundu kama tofali, na muda wa kuchapa nyingine haukuwepo, gari la maiti lilikuwa linanguruma nje. Yule mama alimzika mumewe huku mbele ya jeneza kuna mtu asiyemjua.

"Tangu siku hiyo," Violeth alisema, "sichapi uso wa mtu kwa kubahatisha." Siku hiyo sikumtania. Lakini mdomo ni mdomo, na wiki iliyofuata nilikuwa nimeshaanza tena kulalamika kuhusu karatasi anazoniharibia.

Sasa niseme habari ya Mama Rebeka, maana ndiyo iliyonifunga mdomo.

Alikuja Jumatatu asubuhi mwezi wa saba. Ni mama wa makamo, mkulima wa huko upande wa Mwakitolyo, jina lake la nyumbani ni Mbuke. Alisimama mlangoni akatusalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," tukaitika. Alikaa kwenye benchi, akafungua kitambaa, akatoa simu ya marehemu bintiye. Ndani ya simu ile kulikuwa na picha aliyotaka tuichape kwenye bango la kubandika ukutani, nakala elfu tatu.

Rebeka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa na ualbino. Alikufa mwaka mmoja uliopita akiwa na miaka thelathini na minne, kwa saratani ya ngozi iliyoanzia mbele ya sikio la kushoto ikateremka shingoni. Jumapili ya wiki ile ndiyo ilikuwa misa yake ya kutimiza mwaka. Chama chao cha watu wenye ualbino kilikuwa kimekubaliana na parokia kwamba baada ya misa mabango yagawiwe, na mengine yapelekwe kwenye shule na zahanati zote za upande ule.

"Picha hii alipigwa kwenye mahafali ya shule, miaka mitatu kabla hajafa," Mama Rebeka alisema. "Mwoneni anavyocheka. Sasa tazameni hapa."

Alitia kidole chake cheusi, kilichokomaa kwa jembe, mbele ya sikio la bintiye. Tuliinama wote wawili. Pale, juu ya ule weupe, palikuwa na doa la waridi hafifu sana, dogo kama punje ya mahindi, kingo zake zinaparuza kidogo. Mimi ningelipita bila kuliona.

"Hilo ndilo lililomuua," alisema. "Sisi tulikuwa tunaliona kila siku. Tukasema ni jua. Linapona, linarudi. Tunampaka mafuta. Mpaka tunafika Mwanza daktari ananiambia, mama, mmechelewa. Basi mimi nataka kila mwenye mtoto kama wangu alione hili doa likiwa bado dogo hivi. Maneno mtaandika chini, doa likikaa mwezi halijapona nenda hospitali. Lakini maneno watu hawasomi. Watu wanatazama picha."

Violeth alikuwa ameshavaa koti lake la kijivu. Aliuliza kwa upole, "Mama, unataka tumguse uso popote?"

"Msimsafishe!" Mama Rebeka aliinua sauti, kisha akaishusha. "Nisamehe, mayu, mama yangu. Kwenye mazishi, vile vitabu vya ibada vilichapwa kwingine. Walimsafisha. Wakamtoa doa, wakampaka na rangi, akawa maji ya kunde. Wanafunzi wake wakawa wanaulizana kanisani, huyu ni nani?"

Niliona haya, na sababu ninaijua. Huku kwetu kusafisha uso ni heshima. Mteja akileta picha, hata hajaomba, fundi anamtoa chunusi, anamtoa kovu, anamlainisha, na akiwa mweupe kupita kiasi anamrudisha kidogo aonekane "kawaida." Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi na nikashukuriwa. Ingekuwa picha ile imeangukia mikononi mwangu siku Violeth hayupo, lile doa ningeliondoa kwa nia njema kabisa, na ningeona nimemtendea marehemu wema.

Violeth akafanya kazi yake. Inabidi nieleze kidogo, maana bila hivyo hutaona nilivyokosea.

Kioo cha kompyuta kinawaka. Rangi zake zinatengenezwa kwa mwanga, mwekundu, kijani na bluu. Karatasi haiwaki. Inategemea mwanga unaoiangukia, na rangi zake zinatoka kwenye unga wa aina nne ulio ndani ya mashine yangu: wa samawati, wa waridi kali, wa njano na mweusi. Kwa hiyo kioo kinaweza kukuonyesha vitu ambavyo karatasi haina uwezo navyo. Ndiyo maana Violeth kila mwezi anakining'inizia kioo chake kidude cha kupima, kikimwambia kama bado kinasema kweli. Na ndani ya kompyuta ana faili moja kwa kila aina ya karatasi tunayotumia. Faili hiyo ameipata kwa kuchapa mamia ya vipande vya rangi kwenye karatasi husika na kuvipima kimoja kimoja. Akiiwasha, kioo kinaacha kujidai. Kinaigiza jinsi picha itakavyokuwa ikitoka kwenye mashine hii, juu ya karatasi ile.

Aliiwasha. Picha ya Rebeka ikafifia pale pale, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Mama Rebeka alishtuka. "Mbona amezimika?"

"Hajazimika, mama. Ndivyo atakavyokuwa kwenye karatasi. Bora tumwone sasa kuliko baadaye," Violeth alimjibu. Alifanya kazi mpaka saa saba mchana. Aliyarekebisha macho, mashavu, kitambaa cha shingoni, akaliacha doa lilivyo, ila alihakikisha halizami. Mwishoni lilionekana kwenye kioo, jepesi lakini lipo. Mama Rebeka akaridhika, akarudi zake kijijini. Tulimwahidi kwamba Jumamosi mabango yatakuwa tayari.

Jumatano Violeth alichelewa kufika. Alikuwa amempeleka mwanawe Sikujua kliniki ya macho. Mimi nilikuwa na kazi nyingine mbili zinanisubiri, na faili ya Rebeka ilikuwa tayari imeshafika kwenye mashine. Nilijiambia, imeshaonjwa kwenye kioo, mwenyewe ameridhika, mama ameridhika, sasa tunasubiri nini? Nikapakia karatasi. Nikaandika elfu tatu. Kidole kilikuwa hewani Violeth alipoingia.

"Kalisti, umechapa kipande?"

"Kipande cha nini? Umeshaonja juzi."

"Nimeonja kwenye kioo. Kwenye karatasi bado."

"Mama Sikujua, si ulisema kioo chako kinasema kweli? Au kinasema kweli kikipenda?"

Alipita mbele yangu, akafuta zile elfu tatu, akaandika moja. Nilichukia. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, kuhusu wanawake wanaofanya kazi kana kwamba karatasi zinaota shambani. Mashine ikatema kipande kimoja, sikio la Rebeka na nusu ya shavu. Akakichukua akatoka, nami nikamfuata kwa hasira ili nishuhudie upuuzi wake.

Tulisimama kwenye kivuli cha ukuta. Alikitazama, akakigeuza, akakitazama tena. Kisha akanipa.

"Nionyeshe doa," alisema.

Nilitafuta. Sikio lilikuwepo, nywele zilikuwepo, shavu lilikuwepo. Rebeka alikuwa amekuwa na rangi ya uji wa ulezi uliowekwa maziwa, rangi moja tu kutoka sikioni hadi puani. Doa halikuwepo. Nilikisogeza karibu na macho, nikakipeleka mbali. Halikuwepo.

"Labda mashine imechoka," nilisema.

"Umepakia karatasi gani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ile karatasi tuliyoizoea ilikuwa imekwisha mjini Kahama. Nilikuwa nimechukua nyingine, uzito uleule, inang'aa vilevile, maneno ya kwenye bunda karibu yaleyale. Sikumwambia, kwa sababu kwangu mimi karatasi ni karatasi.

Alirudi ndani akatoa karatasi moja ya zamani iliyobaki kwenye droo yake, akailaza juu ya moja ya zile mpya, nje kwenye mwanga. Ndipo nilipoona. Ile mpya ilikuwa na unjano, kidogo tu, kama ndani ya ganda la yai. Ukiwa nayo peke yake ungeapa kwamba ni nyeupe.

"Kioo kilisema kweli," Violeth alisema, bila ukali wowote, na hilo liliniumiza zaidi. "Lakini kilisema kweli kuhusu karatasi niliyokiambia. Hii hakikuambiwa."

"Basi irekebishe kwenye kompyuta," nilisema. "Mfanye awe mweupe zaidi."

"Kwa wino gani? Kalisti, wewe ndiye mtu wa mashine. Una unga mweupe humo ndani?"

Sina. Hakuna mashine yetu yenye unga mweupe. Panapotakiwa kuwa peupe mashine haiweki kitu, inaiacha karatasi ionekane. Jambo hilo nalijua tangu nilipoanza kazi hii, lakini sikuwahi kulifikiria hadi mwisho wake. Kwa mtu mweusi kama mimi, uso wangu kwenye picha ni unga mwingi juu ya karatasi, na karatasi ikibadilika kidogo hakuna atakayejua. Kwa Rebeka karibu uso wote ni karatasi yenyewe. Karatasi ikiwa na unjano, yeye anakuwa na unjano, na ule uwaridi hafifu wa doa unamezwa.

"Karatasi ndiyo ngozi yake," Violeth alisema.

Nilikaa kwenye benchi. Nilifikiria mabango elfu tatu ya mwanamke mzuri anayecheka, hana doa lolote, na chini yake maneno yanayowaambia watu watazame doa. Yangebandikwa kila zahanati. Mama angempeleka mtoto wake mbele ya bango, angelinganisha, angeona mwalimu hana kitu, naye mtoto ana kadoa kadogo ka jua tu, wakarudi nyumbani. Na mimi ndiye ningekuwa nimefanya hivyo. Niliogopa, nasema wazi. Nilimwomba Violeth msamaha palepale, na yeye akasema, "Piga simu Mwanza."

Karatasi ile tuliyoizoea ilikuja kutoka Mwanza na basi Alhamisi jioni. Violeth alifungua bunda moja, akachomoa karatasi mbili, akazilinganisha na ile ya kwenye droo yake kabla hajakubali. Kisha akatayarisha vipande vitano kwenye karatasi moja, vyote sikio na shavu lilelile, kila kimoja kikipishana na mwenzake kwa kiasi kidogo sana. Hiki kimepunguzwa njano, hiki kimeongezwa waridi, hiki hakijaguswa. Chini ya kila kimoja aliandika namba. Doa lilikuwepo kwenye vyote vitano. Mimi nilishangilia.

Yeye hakushangilia. "Lipo, lakini ni lipi la kweli?" aliuliza. "Hii picha ilipigwa kwa simu. Simu nazo zina rangi zake za kujitungia. Mimi Rebeka sikumwona akiwa hai. Nikichagua kilichonipendeza, nimemsafisha vilevile, ila kwa upande mwingine."

Alimpigia simu Mama Rebeka. Alimuuliza kama kuna mtu wa damu yake mwenye ngozi kama ya marehemu, tumpate dakika kumi tu mchana. Mama Rebeka akasema yupo mdogo wake Rebeka, Lusia, anashona nguo hapahapa mjini, na kwamba ngozi zao zilikuwa pacha. Watakuja wote wawili asubuhi.

Ijumaa saa tatu walifika. Lusia alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, amevaa gauni la mikono mirefu, kofia pana ya kitambaa na miwani ya jua. Aliniamkia, "Shikamoo, baba," nikaitika marahaba. Alikuwa anapepesa macho sana hata ndani, na alipoonyeshwa bango kwenye kioo ilibidi alisogelee mpaka pua ikaribie kugusa. Alimtazama dada yake kwa muda. Akasema, "Meno yake yalikuwa hivyo hivyo."

Violeth alitoa stuli nje, akaiweka kwenye kivuli cha ukuta, mbali na turubai. Alimwomba Lusia avue kofia na miwani. Mama Rebeka alisimama kando akiwa ameikumbatia kofia. Mimi nilisimama mlangoni, mashine nimeiwasha nyuma yangu, karatasi zimepakiwa, nasubiri tu kuambiwa namba.

Violeth alianza na shavu la kushoto, maana ndilo lililokuwa kwenye picha. Alikiweka kipande cha kwanza kando ya ngozi, karibu kuigusa. "Hapana, imepauka," alisema. Cha pili, hapana. Cha tatu alikitazama, akakitoa, akakirudisha. "Hiki kinakaribia. Geuka kidogo, mdogo wangu, upate mwanga sawasawa." Lusia akageuka. Violeth akasogeza kipande polepole kufuata taya, kuelekea sikioni, macho yake yakienda kwenye karatasi na kurudi kwenye ngozi, karatasi na ngozi, kama anavyofanya siku zote.

Kisha mkono ukasimama.

Nilisubiri aseme "tatu." Hakusema. Nilidhani ameona kasoro kwenye karatasi, nikatoka nikasogea. Alikuwa ameshikilia kipande mbele ya sikio la Lusia. Kwenye kipande kulikuwa na doa la Rebeka. Kando yake, kwenye ngozi, umbali wa upana wa ukucha, kulikuwa na jingine. Rangi ileile. Ukubwa uleule. Kingo zilezile za kuparuza.

"Lusia," Violeth alisema taratibu, "hapa panakuuma?"

"Wapi? Hapo? Hapana dada, panawasha tu kidogo. Ni jua. Panapona, halafu panarudi."

Mama Rebeka alisogea. Hakuna aliyemwita. Alitazama kipande, akatazama sikio, akatazama kipande tena. Kofia ilimwanguka mkononi, hakuiokota.

"Tangu lini?" alimuuliza bintiye.

"Tangu Pasaka, mama. Mimi hata kwenye kioo silioni vizuri."

Nilitegemea alie. Mimi mwenyewe machozi yalikuwa yananilenga, mtu mzima mwenye wajukuu. Yeye hakulia. Aliinama akaokota kofia, akaikung'uta vumbi, akamvalisha bintiye akamfunga kamba chini ya kidevu, kama anavyofungwa mtoto wa darasa la kwanza. Fundo alilifunga vizuri. Kisha akamwambia Violeth, "Nipe hicho kipande."

Violeth alichukua mkasi akakikata namba tatu, akampa. Mama Rebeka akakitia kwenye kiganja cha Lusia, akamkunjia vidole juu yake.

"Tukifika kwa daktari usieleze mengi," alimwambia. "Mwonyeshe hiki kwanza. Halafu mvulie kofia."

Walipanda bajaji kwenda hospitali ya mjini. Huko hawakukawizwa. Walipewa barua ya rufaa mchana uleule, na jioni walikuwa ndani ya basi la Mwanza.

Mimi na Violeth tulirudi ndani. Sikumtania na yeye hakunisema. Alilirekebisha bango zima kwa namba tatu, tukachapa karatasi moja nzima, tukaitoa nje tukaitazama wote wawili, na safari hii mimi ndiye niliyeomba tuitazame mara ya pili. Ndipo nilipoandika elfu tatu. Kila zikitoka mia mbili nilisimamisha mashine, nikachukua moja, nikatoka nayo kulitafuta doa.

Jumapili misa ya Rebeka ilisomwa bila mama yake kuwepo. Tuligawa mabango sisi na wanachama wa chama chao, mlangoni mwa kanisa. Niliwaona watu wakisimama juani wakilitazama, kisha wakiwageukia watoto wao na kuwashika masikio.

Jumatatu mchana simu ya Violeth iliita. Alikuwa anapima kioo, mikono yake haina nafasi, akaniambia nipokee mimi. Alikuwa Mama Rebeka. Sauti yake ilikuwa inatoka mbali, nyuma yake kuna kelele za watu wa kwenye foleni.

"Kalisti, daktari amemwona Lusia. Atalikata doa keshokutwa. Amesema tumewahi."

Nilimwambia Violeth, naye akageuka kutoka kwenye kioo. Mama Rebeka alikuwa bado kwenye simu.

"Kwa Rebeka walisema tumechelewa," alisema. "Hayo mabango mengine yako wapi?"

"Yapo hapa, mama. Elfu moja na mia nne. Tunasubiri urudi utuelekeze."

"Usinisubiri," alisema. "Yapelekeni leo."